Kikombe cha kamomili kwa mtu mwenye mzio wa chavua

*"Shikamoo daktari. Nimetoka Mbeya na huu ni mwaka wangu wa sita hapa Ohio, Marekani. Miaka ya kwanza sikuwa na shida, lakini siku hizi kila mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba napiga chafya, macho yanawasha na kifua kinabana kidogo. Mwezi wa tisa jirani alinipa chai ya kamomili yenye asali ili nipate usingizi. Hata dakika kumi hazikupita, midomo na ulimi vikaanza kuwasha, koo likakaza na vipele vikatoka shingoni na kifuani. Nilimeza vidonge vyangu vya mafua ya mzio, hali ikatulia baada ya saa moja hivi. Chai za majani nimezinywa tangu utotoni, ila kamomili ilikuwa mara yangu ya kwanza. Je, kiwandani waliweka kemikali? Nikiichemsha zaidi itakuwa salama? Na ekinasia, dawa ya mitishamba ya mafua niliyomnunulia mwanangu wa miaka 7, mwenye pumu, nimpe?"*

Marahaba, dada. Nianze na mambo mawili yasiyoweza kusubiri maelezo marefu. Usionje tena chai hiyo, hata kijiko kimoja cha kujaribu, na chupa ya ekinasia iweke mbali na mtoto. Kisha omba miadi kwa daktari bingwa wa mzio mapema iwezekanavyo, kwa sababu kuna jambo moja katika maelezo yako linalonifanya nisilichukulie tukio hili kuwa dogo.

Jambo hilo ni koo lililokaza pamoja na vipele vilivyotoka mbali na mdomo. Mdomo ungewasha peke yake ukatulia, ningekuambia kwamba mzio umeishia pale chai ilipogusa. Vipele vya shingoni na kifuani vinaonyesha kwamba kile kilichokuwa kwenye chai kiliingia katika damu na kuamsha seli za mzio mwili mzima, na koo kukaza ni dalili ambayo huwezi kujua itaishia wapi. Vidonge ulivyomeza huzuia histamini, ambayo ni mojawapo tu ya kemikali zinazomwagwa na seli hizo. Vinapunguza muwasho na vipele, lakini havina uwezo wa kufungua njia ya hewa inayovimba wala kupandisha shinikizo la damu linaloporomoka. Vidonge vyenyewe huchukua kama nusu saa au zaidi kabla ya kufanya kazi kikamilifu, hivyo yawezekana kabisa kwamba hali yako ilikuwa inatulia yenyewe, na kidonge kikapata sifa isiyo yake. Mara nyingine hali hiyo haitulii yenyewe, bali huzidi.

Sasa kuhusu kemikali za kiwandani. Naelewa kwa nini ulizifikiria, maana ukishazoea kwamba majani na maua ni tiba, jambo baya likitokea unatafuta mkono wa mtu. Lakini mpangilio wa dalili zako, yaani kuanza ndani ya dakika kumi, kuwasha, koo, vipele, kisha kutulia, ni mpangilio wa mzio wa haraka. Kinachousababisha kwa kawaida ni protini ya asili, na katika kikombe chako yaelekea protini hiyo ilitoka katika ua lenyewe. Kamomili safi kabisa, iliyolimwa bila tone la dawa, ingekufanyia vivyo hivyo.

Ili uone kwa nini, ni lazima turudi kwenye chafya zako za Agosti. Huko Ohio, kuanzia katikati ya Agosti mpaka baridi kali ya kwanza inapoua mimea, hewa hujaa chavua ya gugu liitwalo ambrosia. Mmea mmoja wa gugu hili unaweza kutoa hadi chembe bilioni moja za chavua kwa msimu, nazo ni nyepesi kiasi cha kusafiri na upepo kilometa mamia. Maua yake ni madogo ya kijani yasiyovutia jicho, na ndiyo maana watu wengi hulaumu maua ya njano yanayochanua kando ya barabara majira hayohayo, ambayo chavua yake ni nzito na yenye kunata, haiwezi kuruka mbali. Maelezo yako yanaelekeza kidole kwa ambrosia waziwazi. Hata hilo la kuishi salama miaka ya mwanzo kisha kuanza kuumwa ni la kawaida kwa wanaohamia huko, kwa kuwa mwili unahitaji misimu kadhaa ya kuvuta chavua ngeni kabla haujaanza kuichukulia kama adui.

Katika misimu hiyo mfumo wako wa kinga ulitengeneza kingamwili za aina ya IgE, kila moja ikiwa na umbo la kunasa sehemu fulani ya protini ya chavua. Kingamwili hizi hukaa juu ya seli zilizojaa histamini, ambazo zimetawanyika puani, machoni, mapafuni, kooni, tumboni na chini ya ngozi. Protini inapokuja na kuziunganisha kingamwili mbili zilizo jirani, seli hufunguka na kumwaga kila kilichomo. Puani matokeo yake ni chafya, ngozini ni vipele, na kooni ni uvimbe.

Kamomili inaingia hapa kwa sababu ya undugu. Ambrosia, kamomili, ekinasia, pakanga, pareto, alizeti na saladi, yote ni mimea ya familia moja, ambayo wataalamu wa mimea huiita familia ya alizeti. Mimea ya ukoo mmoja hurithi protini zinazofanana, na kingamwili haisomi jina la mmea. Inatambua umbo tu. Ikikutana na protini ya kamomili yenye umbo linalokaribiana na lile ililojifunza kutoka kwa ambrosia, itainasa. Sisi tunauita mzio mtambuka, na ndio unaoeleza jinsi ulivyoweza kudhurika na kitu ambacho hukuwahi kukinywa maishani. Mara nyingi nawasikia wagonjwa wakisema haiwezi kuwa mzio kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza. Ni kweli kwamba mzio wa namna hii hautokei bila mwili kuandaliwa kwanza, lakini wewe uliandaliwa kupitia puani, na ndugu wa gugu hilo akaja kupitia mdomoni.

Kuna tofauti moja kati ya ndugu hawa inayofaa kuizingatia. Kamomili huchavushwa na wadudu, kwa hiyo chavua yake haielei hewani, na mtu anaweza kuishi jirani na shamba lake bila kupiga chafya hata moja. Tunapotengeneza chai, hata hivyo, tunachukua kichwa kizima cha ua. Kile tunachokiona kama ua moja la kamomili ni mkusanyiko wa maua madogo mengi yaliyobanana, kila moja na chavua yake, na vyote hukaushwa na kutiwa kwenye kifuko. Unapokiloweka, unakunywa kwa dakika chache kiasi cha chavua ambacho pua yako isingekutana nacho katika hali ya kawaida.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu jambo hili kilichapishwa na madaktari wa Hispania mwaka 1989. Mtoto wa kiume wa miaka 8, aliyekuwa na mafua ya mzio na pumu kutokana na chavua ya nyasi, ya mizeituni na ya pakanga ya huko Ulaya, alikunywa chai ya kamomili kwa mara ya kwanza akapata mzio mkali wa mwili mzima, ule tunaouita anafilaksisi. Madaktari hawakuishia kumtibu. Walimpima ngozi kwa maji ya chai ile, akaonyesha mzio. Kisha walichukua majimaji ya damu yake wakayachanganya na chavua mbalimbali, ili kuona kama chavua moja ingeweza kuzimaliza kingamwili zinazonasa nyingine. Wakakuta kwamba chai ya kamomili, chavua ya kamomili, chavua ya pakanga na chavua ya ambrosia kubwa zote ziligombania kingamwili zilezile. Mtoto yule hakuwa na mzio wa vitu vinne. Kwa sehemu kubwa alikuwa na mzio wa umbo moja linalojitokeza katika mimea mitatu. Na kama utakavyoona, historia yake inafanana sana na yako: pua yenye mzio, kifua kinachobana, na kikombe cha kwanza.

Kundi hilohilo la watafiti lilichapisha mwaka uliofuata kazi nyingine ambayo mimi huitumia kuwatuliza watu, maana inaonyesha upande wa pili. Walipima watu 100 wenye mafua ya mzio, wakakuta 8 tu ndio ambao ngozi zao ziliitikia chavua ya kamomili, na karibu wote hao waliitikia pia pakanga. Vilevile walichunguza wagonjwa 7 waliovimba na kuwashwa macho baada ya kuyaosha kwa chai ya kamomili, jambo ambalo watu wengi hulifanya kama tiba ya nyumbani. Wote 7 walithibitika kuwa na mzio wa kamomili machoni, lakini walipopewa chai hiyo wainywe chini ya uangalizi, hakuna aliyepata dalili. Kwa hiyo si kila anayepiga chafya msimu wa chavua atadhurika na kamomili, na hata mwenye kingamwili zake anaweza kuinywa salama, kwa kuwa asidi ya tumbo huvunja protini nyingi kabla hazijafika kwenye damu. Wewe si miongoni mwa hao. Kwako swali la kama mtu mwenye mzio wa ambrosia anaweza kunywa kamomili limeshajibiwa na mwili wako mwenyewe, na ninachokuomba ni usilitafutie jibu la pili jikoni.

Hapo ndipo swali lako la kuchemsha linapoingia. Kuchemsha hakutaifanya iwe salama. Protini ni uzi mrefu uliokunjwakunjwa, na joto hukunjua zile dhaifu mpaka kingamwili isiweze kuzitambua tena. Zipo nyingine zilizofungwa kwa viungo imara, ambazo maji ya moto hayazifungui na hata tumbo hushindwa kuzivunja, na katika pakanga na ndugu zake aina hizo ngumu zinajulikana vizuri. Fikiria pia kwamba chai yako ilikuwa ya moto tayari ilipokudhuru, na yule mtoto wa Hispania naye hakunywa maji baridi. Kuchuja kwa kitambaa au kununua chai ya bei kubwa hakusaidii, kwa sababu protini zenyewe huyeyuka katika maji na kupita kwenye kitambaa chochote.

Kabla sijaihukumu kamomili peke yake, nina wajibu wa kuwataja washukiwa wengine, na hili ni muhimu zaidi ya watu wengi wanavyodhani. Ulisema chai ilikuwa na asali. Asali, hasa ile isiyochujwa sana, hubeba chavua ya maua ambayo nyuki waliyatembelea, na alizeti na maua mengine ya ukoo huu ni miongoni mwa yale wanayoyapenda. Kama tangu siku hiyo umekula asali hiyohiyo kwenye chai nyingine bila shida, tunaweza kuiweka kando. Kama hujaila, usiile mpaka upimwe. Halafu muulize jirani akupe lile boksi la chai, au akupigie picha ya orodha ya viungo, kwa sababu chai nyingi za usingizi ni mchanganyiko wa mimea mitano au sita. Mwisho, jikumbushe kama siku hiyo ulimeza aibuprofeni au aspirini kwa ajili ya kichwa, ulikunywa pombe, au ulikuwa umetoka kufanya mazoezi. Vitu hivi si chanzo cha mzio, lakini hushusha kizingiti, na kikombe ambacho siku nyingine kingekuwasha mdomo tu hugeuka kuwa tatizo la mwili mzima. Msimu wenyewe pia ulichangia. Mwezi wa tisa seli zako zilikuwa tayari zimechokozwa na ambrosia ya hewani, na kamomili ikaongezwa juu yake.

Kuhusu chai za utotoni, ninaamini kabisa hazikukudhuru, ila hazituambii chochote kuhusu kamomili. Mchaichai ni nyasi, tangawizi ina ukoo wake na manjano na iliki, na mnanaa una ukoo mwingine kabisa. Hakuna hata mmoja wa hao aliye ndugu wa ambrosia, kwa hiyo unaweza kuendelea kuwanywa. Ninalotaka kukuuliza kuhusu Mbeya ni jingine: je, nyumbani mlilima pareto? Ua la pareto ni la familia hii, na watu wanaolichuma, kulikausha na kulisaga hujulikana kupata chafya, pumu na upele wa mikono. Kama ulipokuwa mdogo ulikuwa ukiwashwa kila mlipokuwa mkianika pareto, mwambie daktari wako, maana inawezekana mwili wako ulianza kujiandaa mapema kuliko tunavyodhani. Na ndugu wakikutumia pakanga kutoka nyumbani kwa ajili ya homa au tumbo, usiinywe. Kwa mtu mwenye historia yako, pakanga ni ya karibu mno na kamomili.

Sasa mwanao. Jibu langu ni usimpe, na sababu ni mbili zinazokwenda pamoja. Ekinasia ni ya familia hiyohiyo, na bidhaa zake hutengenezwa kwa mizizi, majani, mashina au maua, mara nyingi bila mnunuzi kujua ni kiasi gani cha kila kimoja. Mwaka 2002 wataalamu wa Australia walichapisha uchambuzi wa taarifa 51 za madhara ya ekinasia zilizokuwa zimefikishwa kwa mamlaka yao ya dawa. Taarifa 26 kati ya hizo zililingana na mzio wa haraka, wagonjwa wanne walilazwa hospitalini, na zaidi ya nusu ya waliodhurika walikuwa na historia ya magonjwa ya mzio kama pumu na mafua ya mzio. Katika kazi hiyo walipima pia watu 100 wenye miili ya mzio, ambao karibu wote hawakuwahi kuitumia ekinasia, na ngozi za 20 kati yao zikaitikia. Idadi hiyo haina maana kwamba wote 20 wangeugua wakiinywa, kwa sababu ngozi kuitikia na mtu kuugua ni mambo mawili tofauti, lakini inaonyesha ni wangapi wanaotembea na kingamwili hizo bila kujua. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilishauri kwamba bidhaa za ekinasia za kunywa zisitolewe kwa watoto walio chini ya miaka 12, na mzio ndio uliokuwa hofu yao kuu.

Sababu ya pili ni kwamba unachokipata kwa kumweka mtoto katika hatari hiyo ni kidogo. Tafiti nyingi zimefanywa kuhusu ekinasia na mafua, na matokeo yake yanatofautiana, huku faida inapoonekana ikiwa ndogo. Mtoto mwenye pumu akipatwa na mzio wa haraka, ni mapafu yanayoumia kwanza na yanayomweka hatarini zaidi. Ningekuwa na mzani mkononi nisingeona cha kuweka upande wa pili. Mafua yakimshika, maji ya uvuguvugu yenye ndimu na tangawizi yanamtosha, na la maana zaidi ni kuhakikisha anatumia dawa yake ya kuzuia pumu kila siku kama alivyoandikiwa, kwa kuwa mafua ndiyo yanayoamsha pumu ya watoto mara nyingi kuliko kitu kingine.

Utakapofika kwa bingwa wa mzio, atakayoyafanya ni haya, na ni vizuri uyajue mapema ili maandalizi yasikukwamishe. Atakusikiliza kwanza, na historia hiyo ina uzito kuliko kipimo chochote. Kisha, kama ngozi yako iko sawa, ataweka matone madogo mkononi, la ambrosia, la pakanga na la nyasi, na kuchoma ngozi kidogo kupitia kila tone. Unaweza kwenda na kifuko cha chai kutoka boksi lilelile, naye akaiandaa hapo kliniki na kuitumia kama tone mojawapo. Hilo ni jambo la kawaida kwetu, na mara nyingi linaeleza zaidi ya dawa za kupimia zinazonunuliwa. Baada ya dakika 15 hivi anasoma matokeo. Uvimbe wenye upana wa milimita 3 au zaidi kuliko tone la maji ya chumvi huhesabiwa kuwa mwitikio. Vidonge vya mafua ya mzio hufunika matokeo, kwa hiyo huachwa kwa takriban wiki moja kabla ya kipimo. Lakini usiviache bila kuuliza, na dawa za pumu usiziache kamwe kwa ajili ya kipimo. Kama haiwezekani kuviacha msimu huu, atachukua damu na kupima IgE, ambayo haiathiriwi na vidonge.

Ngozi yako ikiitikia kamomili, ukichanganya na yaliyokupata, jibu limepatikana na hakuna haja ya kuendelea. Isipoitikia, hapo ndipo watu hukosea kwa kwenda nyumbani na kuijaribu wenyewe. Kipimo kinaweza kushindwa kuuona mzio uliopo, hasa kwa mimea, na katika hali hiyo jaribio la kuinywa hufanywa hospitalini kwa vipimo vidogo vidogo huku dawa ya dharura iko tayari. Kwa kweli, kwa chai ambayo mtu anaweza kuishi bila hiyo, mara nyingi mimi hushauri tuiache tu.

Jambo la pili atakaloliangalia ni hicho kifua kinachobana. Umekitaja kwa ufupi, kana kwamba ni sehemu ya mafua, lakini kifua kinachobana kila msimu wa ambrosia kinaweza kuwa pumu ambayo haijatambuliwa, na pumu isiyotibiwa ndiyo inayogeuza mzio wa chakula au kinywaji kuwa wa kutishia maisha. Omba upimwe uwezo wa mapafu siku hiyohiyo. Na jambo la tatu ni dawa ya dharura yenyewe, yaani sindano ya adrenalini ya kutembea nayo. Kutokana na koo lako kukaza, mimi ningekuandikia, nawe ujifunze kuitumia mbele ya muuguzi kabla hujaondoka. Kwa mtu mzima kipimo cha kawaida cha sindano hizo ni miligramu 0.3, hudungwa upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya nguo.

Ukija kukutana na kamomili bila kujua, dalili za kukufanya utumie sindano mara moja ni koo kukaza, sauti kubadilika, kushindwa kumeza, kupumua kwa mlio, kizunguzungu au kuzirai, au vipele vinavyofuatana na kutapika kusikokoma. Dunga kwanza, halafu piga simu 911, halafu lala chali miguu ikiwa juu, au kaa ikiwa pumzi inakusumbua, na usisimame ghafla hata ukijisikia nafuu. Kama hali haijabadilika baada ya dakika 5 hadi 15, sindano ya pili inaruhusiwa. Kisha nenda hospitali hata kama kila kitu kimetulia, kwa kuwa dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa.

Kuhusu vitu vya kuviacha na visivyo vya kuviacha, nakusihi usijifungie mlango wa kila kitu chenye jina la familia hii. Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa hayana protini ya kutosha kumdhuru karibu mtu yeyote. Saladi, na mchunga ukiupata, endelea kula kama umekuwa ukivila bila shida. Tikiti maji, matango na ndizi havimo katika familia hii, lakini wenye mzio wa ambrosia wakati mwingine huwashwa mdomo wanapovila, kwa sababu ya protini nyingine inayofanana, na kuwashwa huko kwa kawaida huishia mdomoni. Kama umewahi kuliona hilo, litaje, kwa kuwa linamsaidia daktari kujua ni protini ipi mwili wako unaitambua. Unachopaswa kukiepuka ni chai, matone na vidonge vya mimea ya ukoo huu, chavua ya nyuki inayouzwa kama lishe, na dawa zozote za kusukutua au kuoshea macho zenye kamomili. Unaponunua mtandaoni, majina ya kuyatafuta katika orodha ya viungo ni `Matricaria chamomilla`, `Chamaemelum nobile`, `Echinacea purpurea`, `Echinacea angustifolia`, `Artemisia`, `Calendula officinalis` na `Achillea millefolium`.

Losheni na shampuu zenye kamomili zinaweza kukuletea tatizo la namna nyingine, yaani upele mkavu unaowasha ambao hujitokeza siku moja au mbili baada ya kupaka. Huo hausababishwi na IgE bali na kemikali chungu zilizomo katika mimea hii, ambazo huziamsha seli nyingine za kinga polepole. Hauleti mshtuko wa mwili, na hauonekani kwenye kipimo cha kuchoma ngozi. Hupimwa kwa viraka vinavyobandikwa mgongoni kwa siku mbili. Ukiupata, acha bidhaa hiyo na umwonyeshe daktari wa ngozi.

Miadi ya bingwa inaweza kuchukua wiki kadhaa. Katika muda huo, mwombe daktari wako wa kawaida akuandikie sindano ya adrenalini na akusikilize kifua, aandike tukio hili kwenye faili lako kama mzio unaoshukiwa wa kamomili, na muulize kuhusu mwanao pia: kama naye hupiga chafya au kubanwa zaidi kuanzia Agosti, wote wawili mnaweza kupimwa ambrosia kwa safari moja.